Tangazo la redio la kuonya kuhusu utapeli wa pesa za simu: kanuni moja tu, na ijaribiwe kabla ya kurekodi

"Habari zenu wakuu. Kikundi chetu hapa Moshi kimepewa sekunde 45 redioni kuwaonya wazee kuhusu matapeli wa pesa za simu. Tunataka kanuni moja ambayo msikilizaji ataibeba hadi nyumbani. Tuandikeje?"

Ndugu yangu, niliwahi kuandika tangazo la namna hiyo kwa ajili ya wasikilizaji wa Moshi na vijiji vya Kibosho, na la kwanza lilishindwa kabisa. Nilitaja mbinu sita za matapeli katika dakika moja. Nilipowauliza akina mama wachache sokoni Mbuyuni siku iliyofuata, walikumbuka vizuri hadithi za matapeli, lakini hakuna aliyeweza kuniambia afanye nini simu ikiita.

Kwa hiyo chagueni kisa kimoja. Mimi nilichagua cha pesa iliyotumwa kimakosa, kwa sababu kinamnasa mtu mwaminifu. Ujumbe unaingia ukisema umepokea shilingi 150,000, kisha mtu anapiga akilia kwamba amekosea namba na ana mgonjwa hospitalini. Ujumbe huo ni wa kuandikwa tu, umetoka kwenye namba ya kawaida, na salio halijaongezeka hata senti moja. Bibi akirejesha, anatoa fedha zake mwenyewe. Tapeli anategemea haraka na huruma, naye hataki simu ikatwe, kwa kuwa ikikatwa bibi atapata nafasi ya kutazama salio.

Hapo nikaandika: "Kata kwanza, piga mwenyewe." Ilikuwa na mapigo mazuri, nami niliipenda mno. Nikamsomea mama mmoja mara mbili, tukazungumza mambo mengine kama robo saa, kisha nikamwuliza angefanya nini. Akajibu kwa uhakika: "Ninakata, halafu ninampigia mimi." Yaani angeipigia namba ileile ya tapeli! Kosa lilikuwa la maneno yangu, si lake. Ndipo kanuni ikawa: Kata simu, piga namba unayoijua.

Neno "namba" linabeba mengi hapa. Ikiwa ni suala la salio, namba unayoijua ni ile ya menyu, kwa mfano *150*00# kwa mtumiaji wa M-Pesa. Anayejiita mtoa huduma wa mtandao huhakikiwa kwa kupiga 100, na anayejifanya mwanao kwa kupiga namba ya mwanao uliyoihifadhi zamani. Hata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao hauna simu ya kukata, unazimwa na nusu ya pili ya kanuni, maana utampigia mwenye nyumba kwa namba yake ya siku zote.

Andiko lenyewe lilikuwa hivi:

(Simu inaita.)
MPIGAJI: Shikamoo mama. Nimekosea, nimekutumia laki moja na nusu. Nirudishie sasa hivi, nina mgonjwa!
BIBI: Marahaba mwanangu. Ninakata simu, ninapiga namba ninayoijua.
(Simu inakatwa. Milio ya vitufe.)
BIBI: Salio ni elfu nane ileile. Hakuna kilichoingia.
MJUKUU: Bibi, na mimi wakinipigia?
BIBI: Kata simu, piga namba unayoijua.
MJUKUU: Kata simu, piga namba unayoijua.

Mpeni bibi muda wa kutulia baada ya kukata simu. Ukimya wa sekunde mbili unamfundisha msikilizaji kwamba kukata si utovu wa adabu. Wazee wetu huona aibu kumkatia mtu aliyewaamkia, na ndiyo maana nilimwacha bibi aitikie "marahaba" kwanza. Mjukuu naye hayupo kwa ajili ya kupamba, kwani ndiye anayemwonyesha msikilizaji jinsi ya kuirithisha kanuni.

Mtaulizwa kuhusu pesa iliyoingia kimakosa kwelikweli. Jibu ni kwamba mtumaji ndiye anayepaswa kupiga 100 kwenye mtandao wake na kuomba muamala urejeshwe. Mpokeaji asiitumie pesa hiyo wala asiirudishe kwa mkono wake. Suala hilo, pamoja na kupeleka ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, yaachieni kipindi cha mahojiano. Nilipoiweka 15040 ndani ya tangazo, watu walianza kuichanganya na 100.

Kanuni hii haimsaidii aliyekwisha kutaja namba ya siri. Huyo apige 100 mara moja, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu sana kuipata tena.

Kabla ya kurekodi, msomeeni andiko mtu ambaye hajalisikia, kisha mwulizeni kesho yake bila kumkumbusha. Akibadilisha neno lolote katika kanuni, sikilizeni alilolibadilisha, kwa maana huenda neno lake ndilo litakalosemwa nyumbani.