Nimefanya majaribio ya kazi, sasa kimya

"Jumamosi nilifanya majaribio mkahawani hapa Malindi, bila malipo. Meneja akasema atanipigia. Mpaka leo kimya. Niulize vipi?"

Dada, usingoje simu. Nenda mwenyewe saa tisa alasiri, wateja wa mchana wameondoka na wa jioni hawajaingia. Saa saba hata hatakusikiliza. Mwambie: "Habari za mchana, bosi. Ni mimi niliyehudumia meza za nje Jumamosi. Nafasi bado ipo? Naanza lini, kwa mshahara gani?" Kisha nyamaza, ajibu yeye.

Akitaka urudi kujaribiwa tena, mkubaliane malipo kabla hujavaa aproni. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua hulipwa mwisho wa siku. Na ukiona kila wikendi kuna sura mpya "inajaribiwa", hapo hakuna nafasi, wanatafuta mikono ya bure tu.