Urari umegoma: nilivyozisaka shilingi 117,000

Ninatunza vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Leja yetu bado ni ya mkono, daftari nene lenye jalada jekundu, ila urari wa mwisho wa mwezi, yaani orodha ya baki za akaunti zote, debiti kushoto na krediti kulia, ambazo jumla zake lazima zilingane, naupiga kwenye Excel. Mwezi mmoja ukagoma. Upande wa debiti ulisoma 41,862,500, upande wa krediti 41,745,500. Debiti imezidi kwa 117,000, saa ni kumi na moja jioni, na bosi anataka hesabu asubuhi.

Zamani ningefungua leja ukurasa wa kwanza na kuanza kukagua kila vocha ya mwezi mzima. Usifanye hivyo. Kosa mara nyingi liko kwenye karatasi ya urari yenyewe, na huko ndiko kwa kuanzia, kwa kuwa ni mistari arobaini tu badala ya mamia ya vocha.

Nilipiga jumla upya, safari hii kutoka chini kwenda juu, maana jicho likishakosea njia moja hurudia kosa lilelile. Kisha nikaikagua Excel. Mtu akiandika herufi O badala ya sifuri, au akiacha nafasi katikati ya namba, Excel huiona kama maneno, na SUM inairuka bila kukuambia kitu. Njia ya haraka ya kuligundua ni hii:

```
=COUNTA(C5:C44)-COUNT(C5:C44)
```

Jibu likiwa sifuri, kila kilichoandikwa kwenye safu ile ni namba kweli. Langu lilikuwa sifuri. Nikahesabu akaunti zenye baki kwenye leja, nikahesabu mistari ya urari: zote 40. Kwa hiyo hakuna akaunti iliyosahaulika.

Hapo ndipo tofauti yenyewe inapoanza kukupa habari. Kwanza itafute kama ilivyo: je, kuna 117,000 mahali iliyopostiwa, yaani kuingizwa kwenye leja, upande mmoja tu? Sikuiona. Kisha igawe kwa mbili. Baki ya krediti ikiandikwa debiti, upande mmoja unapungua na mwingine unaongezeka, hivyo tofauti inakuwa mara mbili ya kiasi chenyewe. Nusu ya 117,000 ni 58,500. Nayo haikuwepo popote.

Kisha igawe kwa tisa. Ukigeuza tarakimu mbili zinazofuatana, tuseme 36 ukaandika 63, tofauti lazima igawanyike kwa tisa, kwa sababu tarakimu moja imehama kutoka mamoja kwenda makumi na mwenzake amerudi nyuma. Ndivyo ilivyo pia ukiongeza au kupunguza sifuri moja: 130,000 ikiandikwa 13,000 umepoteza 117,000. Na 117,000 kwa tisa ni 13,000 kamili!

Nikadhani nimemaliza. Nikaisaka 13,000 na 130,000 kwenye leja yote. Nikaikuta 130,000 ya umeme, nikaifuata mpaka kwenye risiti, nikaifuata kwenye daftari la fedha, nikarudi nayo leja. Ilikuwa sahihi kila mahali. Saa nzima imekwenda.

Nilichosahau ni kwamba kipimo cha tisa ni fununu tu, si ushahidi. Katika kila tofauti tisa za kubahatisha, moja hivi itagawanyika kwa tisa bila sababu yoyote. Tena kipimo hiki, sawa na kile cha nusu, kina maana pale kosa likiwa moja. Yakiwa mawili, tofauti unayoiona ni mchanganyiko wake, na unaisaka namba ambayo haijawahi kuandikwa na mtu.

Nikaiacha tofauti, nikachukua urari wa mwezi uliopita nikauweka kando ya huu, nikaenda nao mstari kwa mstari. Sikuwa natazama viasi, natazama pande tu: mwezi jana akaunti hii ilikaa kushoto au kulia? Mtaji kulia, sawa. Mauzo kulia, sawa. Kodi ya pango kushoto, sawa. Nikafika kwenye punguzo. Duka letu lina akaunti mbili za punguzo, lile tunalowapa wateja, ambalo ni gharama na hukaa debiti, na lile tunalopewa na wasambazaji tukilipa mapema, ambalo ni mapato na hukaa krediti. Majina yanafanana na nilikuwa nimeyaandika yakifuatana, yote mawili kushoto. Punguzo tulilopewa lilikuwa 45,000.

Nilipolihamishia kulia, debiti ikashuka hadi 41,817,500 na krediti ikapanda hadi 41,790,500. Tofauti mpya: 27,000. Wengine hapa hukata tamaa kwamba bado haijakubali, lakini mimi nilifurahi, maana namba hii ilikuwa safi.

Igawe kwa tisa: 3,000. Tarakimu moja yenye masifuri matatu nyuma yake. Maana yake tarakimu zilizogeuzwa zinapishana kwa tatu, na zimekaa kwenye nafasi ya maelfu na ya makumi elfu. Jozi zake ni chache: 14 na 41, 25 na 52, 36 na 63, 47 na 74, 58 na 85, 69 na 96, na 03 na 30. Na kwa vile debiti ndiyo iliyozidi, natafuta debiti iliyoandikwa kubwa au krediti iliyoandikwa ndogo. Jumla ya akaunti za leja nilikuwa nimeshazipigia upya, kwa hiyo nikaenda kwenye postingi moja moja. Nikaanza na wadaiwa, kwa kuwa ankara za mkopo ndizo ninazoziposti kwa haraka, mara nyingi mteja akiwa amesimama kaunta.

Kwenye ukurasa wa fundi mmoja wa mabomba nikakuta 63,000. Ankara yake ilisema 36,000, na akaunti ya mauzo ilikuwa na 36,000. Dakika kumi, hazikuzidi.

Kurekebisha nako kuna utaratibu wake. Usifute wala usipake rangi nyeupe. Piga mstari mmoja juu ya namba mbovu ili iendelee kusomeka, andika sahihi juu yake, weka tarehe na saini fupi. Hapa jarida la kawaida halisaidii, kwa sababu kosa liko upande mmoja tu na jarida linadai pande mbili. Kama hesabu zingekuwa zimeshafungwa huku tofauti imewekwa kwenye akaunti ya muda, hapo ndipo ningeandika jarida: debiti akaunti ya muda, krediti mdaiwa, 27,000.

Akaunti ya muda ninaiogopa, nakiri. Mwaka mmoja nyuma urari ulikataa kwa shilingi 200 tu, nikaona aibu kuhangaika na kiasi cha pipi, nikaitupia humo. Miezi miwili baadaye nikagundua zile 200 zilikuwa makosa mawili yanayokaribia kulingana: malipo ya 84,000 yaliyokosa kupostiwa upande mmoja, na baki ya 84,200 iliyoachwa nje upande wa pili.

Yule fundi alikuja Jumanne na nakala ya ankara yake mfukoni, akauliza anadaiwa ngapi. Nikafungua ukurasa wake, 63,000 ikiwa bado inasomeka chini ya mstari, nikamwambia 36,000.