Mafuta ya kumkandia mtoto mchanga

Swali: Mtoto wangu ana wiki saba. Mama mkwe alinishauri nimkande kila siku kwa mafuta ya zeituni, lakini sasa ngozi ya mapajani imekauka na kuparara. Nitumie mafuta gani, na nimkande vipi? (Mama wa Umoja, Nairobi)

Jibu: Mama, mafuta ya zeituni yarudishe jikoni. Yana asidi ya oleiki kwa wingi, nayo hulegeza tabaka la juu la ngozi linalozuia maji kutoka mwilini, kwa hiyo ngozi yaweza kung'aa baada ya kupakwa, kisha ikakauka kuliko mwanzo. Alizeti ya kawaida ina zaidi asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kulijenga tabaka hilo. Soma kibandiko, kwani ipo pia alizeti yenye oleiki nyingi. Mafuta ya madini yasiyo na manukato nayo yanafaa. Hata hivyo, hakuna mafuta yaliyo dawa ya ngozi, na kijiko kimoja cha chai kinatosha mwili mzima.

Subiri mapaja yapone kwanza. Halafu mpake tone moja ndani ya mkono, juu ya kiwiko, na upaangalie kesho yake. Pakiwa pekundu au pana vipele, mafuta hayo hayamfai. Ngozi ikipasuka au kutoa majimaji, mpeleke kliniki.

Mkande akiwa macho, yapata dakika arobaini na tano baada ya kunyonya, asije akacheua. Kwa baridi ya Nairobi ya mwezi wa Julai, funga madirisha, pasha mafuta baina ya viganja vyako, kisha mfunue mguu mmoja tu, mwili wote ukiwa ndani ya shali. Zungusha kiganja kwenye paja na ukishushe hadi kwenye kisigino bila kukiinua. Mguso uwe thabiti kiasi, kwani wa juujuu humtekenya. Paja likiwa na sentimita kumi na mbili hivi, kulipita kuchukue kama sekunde nne. Polepole hiyo ina sababu: katika ngozi zimo neva zinazoitikia hasa mguso wa mwendo huo, nazo hupeleka ubongoni hisia ya utulivu badala ya habari ya mahali palipoguswa. Hapo ndipo anapoanza kuizoea mikono yako, na ya baba yake pia akishiriki.

Tumboni, zungusha mkono kufuata mwendo wa mishale ya saa, ambao ndio mwendo wa utumbo mpana. Paja lililodungwa chanjo ya wiki sita, ikiwa bado limevimba, usilikande. Viganja vyake usivipake mafuta, kwa kuwa atavinyonya.

Muda wote mwangalie usoni. Akikutazama na vidole vyake vikilegea, endelea. Akigeuza uso, akitanua vidole au kuupinda mgongo, ameshatosheka, hata kama umemaliza mguu mmoja tu. Mfunike, umpakate.