Kibao cha TUKUZA

"Mgeni wangu kapiga picha kibao cha duka Paje, kimeandikwa TUKUZA tu. Simu inamfasiria 'sifu'. Ni duka la dini?"

Hapana, hapo panauzwa umeme. Tukuza ni umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, wa kulipa kabla ya kutumia. Anayedhani ni LUKU kakaribia, ila hiyo ni ya bara. Simu imelisoma kama kitenzi kwa sababu kibao chote ni herufi kubwa, hakuna kinachoonesha kuwa ni jina. Mwambie apige picha pana zaidi. Pembeni pakiwa na vocha na namba za wakala wa pesa, ndiyo hiyo. Akitaka kununua aende na namba ya mita, atapewa tarakimu 20 za kuingiza.