Benki ikifilisika, akaunti zako zinahesabiwaje

"Nina akaunti mbili benki moja, ya akiba na ya muda maalumu. Benki ikifa, bima inalipa kila akaunti kivyake?"

Hapana ndugu yangu, zinajumlishwa. Kikomo cha bima ya amana kwa kawaida ni cha mtu mmoja katika benki moja, hata awe na akaunti tano. Mimi nililijua hilo baada ya benki yangu kufungwa, na liliniuma.

Nitatumia namba nyepesi, tuseme kikomo kilikuwa 100,000. Kwenye akiba nilikuwa na 60,000, na amana ya muda maalumu pamoja na riba yake hadi siku ya kufungwa ilikuwa 80,000. Nilijiona salama kwa sababu kila moja ilikuwa chini ya kikomo. Kumbe hesabu ilianzia 140,000. Kisha wakakata 15,000, marejesho ya mkopo niliyokuwa nimechelewesha. (Si kila nchi inakata deni hivyo, kwa hiyo uliza sheria ya kwako.) Zikabaki 125,000, nami nikalipwa 100,000 na mfuko wa bima.

Zile 25,000 hazikufutika, ila zilihamia kwa mfilisi. Ilinibidi nijaze fomu ya madai na kusubiri auze majengo ya benki na kukusanya mikopo. Malipo ya kwanza yalikuwa asilimia 40 ya dai, yaani 10,000. Baada ya muda mrefu ikaja asilimia 20, 5,000 nyingine, basi. 10,000 sikuziona tena.

Fedha za bima zenyewe huja mapema zaidi. Kanuni za kimataifa za bima ya amana zinataka wateja wengi walipwe ndani ya siku saba za kazi. Malipo yangu yalichelewa kwa sababu jina kwenye kitambulisho halikulingana na lililokuwa kwenye kumbukumbu za benki, na namba ya simu ilikuwa ya zamani. Kalirekebishe hilo sasa, maana benki ikishafungwa utabishana na wageni wasiokujua.

Ningeiweka ile amana ya muda maalumu benki nyingine, kila upande ungekuwa na kikomo chake na zile 25,000 zisingeenda kwa mfilisi. Lakini angalia leseni, usiangalie bango la mlangoni. Matawi mawili ni benki moja, na majina mawili ya biashara chini ya leseni moja nayo huhesabiwa benki moja.

Jambo moja bado linanisikitisha. Jirani yangu alinunua hati fungani pale pale kaunta, kwa karani yule yule, akaamini ni amana. Hakulipwa chochote na bima, kwa kuwa uwekezaji hauingii humo hata ukiuzwa ndani ya benki. Kabla hujasaini, soma kama karatasi inasema "amana".