Usingizi unaokatika kwa kila sauti ndogo

Swali: Daktari, mume wangu hulala fofofo hata bodaboda ikipita chini ya dirisha. Mimi paka akitembea tu juu ya bati nimeshaamka, hasa kuanzia saa tisa usiku, na usingizi ukikatika haurudi upesi. Nina miaka 46. Je, masikio yangu ni makali kupita kiasi, au huu ni ugonjwa?

Jibu: Dada yangu, yaelekea masikio yako na ya mumeo yanasikia sawasawa. Sikio halilali. Mlio wa bodaboda unaingia kwake pia na kusafiri hadi ndani ya ubongo. Mnapoachana ni kwenye thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo ambacho sauti hupitia kabla ya kufika kwenye gamba la juu, mahali tunapotambua kwamba tumesikia kitu. Mtu akilala, kituo hicho hurudisha mlango. Kwa wengine mlango hufunga vizuri, kwa wengine hubaki na upenyo.

Upenyo huo tunaweza kuuona. Tukimlaza mtu na vifaa vya kupima mawimbi ya ubongo kichwani, katika usingizi wa wastani hujitokeza mafungu mafupi ya mawimbi ya haraka, kama 11 hadi 15 kwa sekunde, yanayodumu sekunde moja hivi kisha kupotea. Tunayaita spindeli za usingizi, na huzalishwa na thalamasi ikishirikiana na gamba la ubongo. Mwaka 2010 watafiti wa Havadi walichapisha jaribio la watu wazima 12 wenye afya. Usiku wa kwanza walilala kimya. Usiku mbili zilizofuata walipigiwa milio ya simu, magari na mingineyo, ikianza chini na kupandishwa mpaka mawimbi ya ubongo yavurugike. Waliokuwa na spindeli nyingi katika ule usiku wa kimya ndio waliostahimili kelele kubwa zaidi. Wingi wa spindeli haubadiliki sana kwa mtu yuleyule usiku hadi usiku, ila hupungua kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo anayekwambia unajiendekeza anakuonea.

Kuhusu saa tisa, usingizi mzito zaidi hukusanyika katika theluthi ya kwanza ya usiku. Ukilala saa nne, mpaka saa tisa sehemu kubwa ya usingizi huo umeshaimaliza, na uliobaki ni mwepesi pamoja na ule wa ndoto. Paka yuleyule akipita saa tano usiku huenda usimsikie kabisa.

Lakini kabla hujamlaumu paka, naomba ufanye jambo moja kwa usiku tatu. Weka simu kando ya kitanda irekodi sauti usiku kucha. Ukiamka, sema taratibu “nimeamka”, bila kutazama saa. Asubuhi sikiliza dakika mbili zilizotangulia neno hilo. Wengi hudhani sauti ndiyo iliyowaamsha, kumbe waliamka kwa sababu nyingine, kisha wakaisikia. Ukikuta mkoromo, kimya cha sekunde 10 au zaidi, halafu mtu anavuta pumzi kwa kishindo, basi pumzi yako inakatika usingizini. Hilo huongezeka kwa wanawake wanapokaribia kukoma hedhi, na hupimwa hospitali. Hakikisha tu si mkoromo wa mumeo. Hata usiku mmoja ukilala peke yako utatosha kuwatenganisha. Usiposikia kitu chochote, jiulize kama uliamka na joto, jasho au haja ndogo.

Ikiwa kweli ni bati, tazama tofauti kati ya sauti na ukimya unaoizunguka, maana hiyo ndiyo humwamsha mtu. Chukua chumba chenye desibeli 25, na kishindo cha paka cha 45. Hapo ubongo unapokea mruko wa 20. Washa feni yenye mvumo wa 40, na mruko unabaki kama 5 au 6. Paka hajapunguza mwendo, ila hajitokezi tena. Mvumo huo uwe wa namna moja usiku kucha. Redio haifai, kwa sababu maneno yana maana na ubongo uliolala huendelea kuyapeleleza, kama unavyoitambua sauti ya mtoto au jina lako.

Chai nayo ina sehemu yake. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado kimo mwilini saa tano usiku. Isogeze iwe kabla ya saa nane mchana.

Dawa za usingizi usinunue kwanza. Kama rekodi itaonyesha pumzi inakatika, baadhi yake zinaweza kuzidisha tatizo, na nitataka kuisikiliza rekodi hiyo kabla hujameza chochote.