Maneno ya kuwashukuru washindi na wafadhili kwenye tuzo za Zoom

"Jamani, Jumamosi nasherehesha usiku wa tuzo za insha kwa Zoom. Niwashukuruje washindi na wafadhili bila kuchosha watu?"

Mtaje mtu kwa alichofanya, sifa ziache. Soma hivi:

"Dada …, insha yako ya bibi anayechoma maandazi alfajiri iliwaliza majaji. Hongera sana, fungua maiki utusalimie. Na ninyi mliotoa vitabu 30, na mliowanunulia washiriki bando, asanteni. Bila ninyi, wengine tusingewaona hapa leo."

Hiyo ni kama nusu dakika. Ukishamwita mshindi, nyamaza sekunde 5. Maiki huchelewa kufunguka, na ukijaza kimya hicho mtaongea wawili kwa pamoja. Majina waulize wenyewe mapema yanavyotamkwa. Kukosea jina kunaumiza kuliko kukosa zawadi.

— Wafadhili huwa wanatajwa mwanzoni tu, yanaisha.

— Mwanzoni sawa, ila nusu ya watu bado wanahangaika kuingia. Mimi huwarudia kabla ya tuzo kubwa.

— Sisi tulitumia Zoom ya bure, ikakata dakika ya 40. Mshindi wa kwanza hata hajatajwa!